Feni ilizimwa kwa sababu ya maiki

*Swali la wiki: "Ukitazama mahojiano ya video, unaweza kujua kama mtu anasema kweli kwa kuangalia macho, mikono na uso wake? Tuandikie."*

Mhariri, mimi nimehariri video za habari kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo naanza na dhambi yangu mwenyewe.

Tulikwenda kumhoji mhasibu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Fedha za wanachama zilikuwa zimepungua, na mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, mwezi wa pili, saa saba mchana. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuzima feni, maana maiki inanasa ule mvumo wake wote. La pili, tukafunga dirisha kwa sababu ya kelele za barabarani. La tatu, tukawasha taa mbili na kuzielekeza usoni kwake. Baada ya dakika tano yule mzee alikuwa anatiririka jasho, na sisi tuliokaa nyuma ya taa tulikuwa tunapepea kwa madaftari.

Mwandishi akamuuliza, "Wewe ulichukua hizo fedha?" Akajibu papo hapo, hata swali halijatulia: "Hapana, sikuchukua." Lakini bodaboda ikapita na honi yake, jibu likaharibika. Tukamwomba arudie. Akageuza macho kumtazama kijana wetu wa sauti, kana kwamba anauliza aanze sasa au angoje kidogo, akameza mate, kijana akampa ishara, akarudia: "Hapana, sikuchukua."

Mezani kwangu nilichukua swali la mara ya kwanza nikaliunganisha na jibu la mara ya pili. Sauti ikawa safi, nami nikaridhika. Ilipotoka, watu waliona hivi: mtu anaulizwa swali zito, macho yanakimbilia pembeni, koo linapanda na kushuka, jasho linamtoka, ndipo anakana. Shemeji yangu, mtu mwenye busara zake, aliniambia, "Yule mwizi, hukuona alivyomeza mate?" Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeitazama fremu kwa fremu, nami ndiye niliyeiweka pale.

Baada ya miezi minane wakaguzi wakakuta mikopo iliyoandikwa mara mbili, na haikuandikwa kwa mkono wake.

Sasa mtu ataniambia: basi hilo ni kosa la mhariri, tupeni video nzima isiyokatwa, tutamsoma mtu vizuri. Hapo ndipo kuna jambo zito zaidi, kwa sababu hata video nzima haisaidii kama tunavyodhani.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya matokeo ya majaribio mengi ambamo watu walioneshwa au kusikilizishwa wengine, baadhi wakisema kweli na baadhi wakidanganya, kisha wakatakiwa kuwatenganisha. Waamuzi hao kwa jumla walizidi elfu 20. Walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Watafiti walipowaangalia wale ambao kazi yao ni kushughulika na waongo, polisi na wenzao, hawakuwa bora kuliko mtu wa kawaida.

Hiyo 54 ukiifungua inachekesha kidogo. Waliosema kweli walitambuliwa mara 61 katika 100, na waongo mara 47 tu, maana sisi binadamu kwa kawaida huelekea kuamini. Sasa chukua watu 100 wanaohojiwa, na tuseme waongo kati yao ni 10. Kwa kiwango hicho, utawanasa waongo kama 5. Lakini wale wakweli 90 nao utawatazama kwa jicho lile lile, na kati yao utawaita waongo 35. Umenyooshea kidole watu 40, na waongo halisi ni 5. Mhasibu wetu alikuwa katika wale 35.

Kwa nini tunakosea? Kwa sababu alama tunazoziamini karibu hazihusiani na uongo. Kuna utafiti ulioulizia watu wa nchi 58 wanamtambuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa macho: hakutazami usoni. Lakini DePaulo na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2003, waliona kwamba kukwepesha macho hakutofautishi mwongo na mkweli. Sisi wa huku tungepaswa kulijua hilo hata bila utafiti. Mtoto aliyelelewa vizuri akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho, na akimkazia macho ndipo anapoulizwa ana kiburi gani. Kijana huyo huyo akihojiwa kwenye kamera na mtu mwenye umri wa baba yake, anainama hivyo hivyo, na sisi tuliomfundisha kuinama tunasema ana la kuficha.

Hisia nazo ni vilevile. Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mwaka 2019 na kuona kwamba mtu mwenye hasira hukunja uso takriban mara 30 katika 100. Zilizobaki ana uso mkavu, analia, au hata anacheka. Na uso uliokunjwa si lazima uwe wa hasira. Huenda mtu anafikiri, au taa zangu zinamuumiza macho.

Kesi inayonisumbua kuliko zote ni ya Lindy Chamberlain wa Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, akiwa kambini na familia yake karibu na mwamba wa Uluru, mtoto wake Azaria wa wiki 9 alitoweka hemani. Mama akasema amemwona dingo, yule mbwa mwitu wa kule, akitoka hemani. Televisheni ikamhoji, na nchi nzima ikamtazama usoni. Hakulia kama walivyotaka alie. Alieleza kwa utulivu jinsi dingo anavyoweza kumtoa mtoto ndani ya nguo zake. Watu wakasema mama gani huyu, moyo wa jiwe. Mumewe alikuwa mchungaji wa Kisabato, na Wasabato huamini kwamba aliyekufa amelala akingoja ufufuo. Aliyewahi kwenda msiba wa Kisabato, Kisii au Upareni, anajua kwamba mfiwa anaweza kusimama mbele za watu akazungumza kwa sauti tulivu, na hakuna anayemshangaa. Lakini Waaustralia wengi waliona ubaridi, wakauita ushahidi.

Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua mwanawe. Uso peke yake haukumfunga. Kulikuwa na wataalamu waliosema gari lake lina damu ya mtoto mchanga, na sehemu ya hiyo "damu" baadaye ilionekana kuwa dawa ya kupunguza kelele iliyopuliziwa kiwandani. Lakini utaalamu mbovu ulikuta watu wameshaamua, na walichoamulia ni televisheni.

Katika maneno yake, hata hivyo, kulikuwa na jambo moja dogo ambalo lingeweza kupimwa. Alisema mtoto alivaa kikoti juu ya nguo zake. Nguo nyingine zilipatikana wiki moja baadaye, kikoti hakikuwepo, na waendesha mashtaka wakalitilia shaka neno lake. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba nguo iliyopatikana haikuonesha mate ya dingo, na kama kikoti kilikuwa juu yake, mate yangeishia kwenye kikoti. Februari 1986, watu wakitafuta mabaki ya mtalii aliyeanguka pale mwambani, wakakiona kikoti, katika eneo lenye mapango ya dingo. Siku chache baadaye mama akatolewa gerezani. Hukumu ilifutwa mwaka 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akaandika rasmi kwamba mtoto alichukuliwa na dingo.

Sasa mtazame mama mwingine. Oktoba 1994, katika mji wa Union, South Carolina, Susan Smith alisema mwanamume mweusi amempora gari likiwa na wanawe wawili wadogo ndani. Alisimama mbele ya kamera siku baada ya siku, akiwa na mumewe kando, akimsihi mporaji awarudishe watoto. Wengi wakamwamini na kumwombea. Leo ukiitazama video ile utasema, aa, mbona machozi hayatoki? Lakini leo unajua mwisho wake, na anayejua mwisho huona dalili kila mahali. Mwonee Lindy huruma hapo: kwake macho makavu yalikuwa ya mtu mkweli.

Kilichomkamata Smith ni taa ya barabarani. Alisema gari liliporwa aliposimama kwenye taa nyekundu, na kwamba hapakuwa na gari lingine pale njia panda. Wapelelezi wakaenda kuiangalia ile taa. Kwa upande wake ilikuwa inabaki kijani muda wote, na hubadilika kuwa nyekundu gari likija tu kutoka barabara inayokatiza. Kama hapakuwa na gari jingine, taa haikuwa nyekundu. Siku ya tisa alikiri kwamba alikuwa ameliachia gari likaingia ziwani na watoto ndani.

Kikoti na taa vilikuwa mdomoni mwa hao kina mama tangu mwanzo, wakati watu wanahesabu machozi.

Sisemi mwili haueleweki kabisa. Mke wangu akiweka sufuria chini kwa namna fulani najua siku imekuwaje, lakini huyo nina miaka naye, na nikikosea ananisahihisha pale pale. Mtu wa kwenye video simjui akiwa ametulia anakuwaje, na hatanisahihisha. Hata wanaohojiwa kwa simu siku hizi ni taabu tupu: kamera iko juu ya kioo, uso wa mwandishi uko chini yake, kwa hiyo mtu anayemtazama mwenzake kwa adabu zote anaonekana ameangalia chini dakika ishirini.

Ofisini nimejiwekea utaratibu mmoja. Mahojiano mazito nayasikiliza kwanza kioo kikiwa kimezimwa, na daftari mkononi. Kila mtu anapotaja kitu kinachoweza kuendewa na kuangaliwa, saa, risiti, jina la aliyekuwepo, rangi ya lango, nakiandika na kumpa mwandishi kabla sijakata chochote. Siku ya mhasibu sikuwa na daftari hilo. Nilipoirudia ile rekodi ya dakika arobaini, nilimkuta katika dakika ya kumi na sita anasema: kaangalieni vocha za Juni, namba zinajirudia. Sehemu hiyo nilikuwa nimeitupa, maana alikuwa amejifuta jasho na leso ikafunika nusu ya uso.