Njaa ya Bahi na hadhi ya ukimbizi Uingereza

“Mjomba, huku Bahi mvua imekata na mtama umekauka. Wakala wa Dar anasema nikija kwa viza ya matembezi nikajilipua, yaani nikadai ukimbizi, serikali ya Uingereza inanipa nyumba na kazi. Na mimi si nimekimbia njaa? Basi ni mkimbizi.”

Mpwa wangu, njaa siibezi, kwa maana ndiyo iliyonitoa mimi huko. Lakini mbele ya sheria haikufanyi mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa, ambaye serikali yake haiwezi kumlinda au yeye mwenyewe anaogopa kuomba ulinzi wake. Ukame hauchagui mtu kwa dini wala kwa chama. Kama serikali ingezuia chakula kisifike kwa kabila fulani makusudi, hapo tungezungumza mengine. Anayefuata riziki, kama mimi, ni mhamiaji wa kiuchumi. Si kosa kuwa hivyo, ila huyo huingia kwa viza ya kazi au ya masomo, na mlango niliopitia mimi, ule wa kulea wazee, ulifungwa Julai 2025 kwa wanaoomba wakiwa nje ya nchi. Hilo linaniuma, kwa sababu nimepita nikakuacha wewe nje.

Sasa huko kujilipua. Niliishi nyumba moja na kijana wa Manyoni aliyefundishwa na wakala aseme ni Mrundi, akijua kwamba Warundi wengi walikimbia vurugu za mwaka 2015. Hatua ya kwanza ni usajili: ofisa huuliza jina, uraia, njia uliyopitia na sababu kwa ufupi, kisha huchukua picha na alama za vidole, na baadaye unapewa kadi ya mwombaji hifadhi. Kijana alitoka pale akifurahi kwamba wamemwamini, kumbe siku ile hawaamui lolote, wanaandika tu.

Baada ya kungoja kwa muda mrefu huja usaili mkuu, nao huchukua saa nyingi, kukiwa na mkalimani. Aliulizwa alizaliwa kilima gani, maana Burundi utawala huanzia kilimani kama kwetu unavyoanzia kitongojini, akababaika. Aliombwa aeleze safari yake kwa Kirundi, akajibu kwa Kiswahili cha Singida. Kisha ofisa akamwekea mezani fomu ya viza yenye picha yake, aliyoijaza kwa pasipoti ya Tanzania, kwa kuwa vidole alivyoviacha alipoomba viza ndivyo alivyoviweka tena siku ya usajili. Akageuka kusema kwamba kweli ni Mtanzania, ila ndugu zake walimtishia kwa ajili ya shamba. Akaulizwa mambo ambayo hata msema kweli huulizwa: je, aliripoti polisi, na kwa nini asingeweza kuishi salama Mwanza au Tanga? Hakuwa na jibu. Ombi likakataliwa, akakata rufaa ndani ya siku 14 zilizowekwa, naye hakimu akaona kwamba aliyedanganya uraia wake hawezi kuaminiwa kirahisi katika hofu yake.

Kuhusu kazi, wakala amekudanganya mchana kweupe. Mwombaji haruhusiwi kufanya kazi. Anaweza kuomba kibali iwapo ombi limekaa miezi 12 bila uamuzi na ucheleweshaji hautokani naye, na hata hapo ni kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Asiye na kitu hupewa malazi mahali wanapochagua wao, pamoja na posho isiyofika pauni 50 kwa wiki. Humo hakuna cha kumtumia mama yako. Na ukikubaliwa, hati ya kusafiria ya mkimbizi haikuruhusu kurudi katika nchi uliyoikimbia, hata kwa msiba.

Kwa hiyo usije kwa njia hiyo. Lakini kama kuna jambo ulilonificha, kitisho cha kweli juu yako kwa sababu ya imani au siasa, basi kauli yangu naigeuza: njoo, na umweleze ofisa wa kwanza pale uwanja wa ndege, kwa sababu kukaa miezi kadhaa ndipo udai hofu kutahesabiwa dhidi yako. Tafuta wakili wa msaada wa kisheria kabla ya usaili mkuu. Hawakudai ushahidi wa karatasi kwa kila neno, kwani wanajua aliyekimbia hakubeba faili. Wanachopima ni kama maelezo ya usajili na ya usaili yanalingana, na kama yanalingana na yanayojulikana kuhusu nchi yako. Usipoikumbuka tarehe, sema hukumbuki, usibuni.

Na fedha ya wakala usiitoe.