Mistari ya taa za LED kwenye video: kwa nini deflicker haikuiondoa, na njia iliyonisaidia

"Wakuu, nimerekodi hafla ukumbini, fremu 30 kwa sekunde, shata 1/125. Kwenye ukuta mweupe kuna mistari ya giza inatembea muda wote. Nimepitisha deflicker ya ffmpeg mara mbili, size nimeongeza, hakuna kilichobadilika. Kazi ya watu hii, naiokoaje?"

Ndugu yangu, hukukosea amri. Kichujio cha deflicker hupima wastani wa mwanga wa fremu nzima, kikaulinganisha na fremu za jirani, kisha kikaipandisha au kuishusha fremu yote kwa pamoja. Kwa mistari hiyo hakina cha kusahihisha, kwa sababu mstari mmoja unapotoka juu ya picha mwingine unaingia chini, na wastani wa fremu unabaki karibu uleule. Kichujio hichohicho kimenifaa sana kwenye video za picha zinazopigwa kila baada ya sekunde kadhaa, ambako tundu la lenzi halifungi sawasawa kila mara na picha nzima inakuwa nyeusi kidogo au nyeupe kidogo kuliko iliyotangulia. Huko naandika `deflicker=size=10:mode=am` na mara nyingi kazi inaishia hapo. Wewe una tatizo la aina nyingine.

Umeme wa gridi yetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nguvu yake hushuka mara mbili, kwa hiyo taa ya LED yenye kifaa hafifu cha kuendeshea hufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera nyingi, hata hivyo, husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwa shata ya 1/125 kila mstari unapokea mwanga kwa sekunde 0.008, muda ambao ni mfupi kuliko pigo moja la taa, yaani sekunde 0.01. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia inatoka na giza. Ungetumia 1/100 au 1/50, kila mstari ungepata pigo zima au mapigo mawili kamili, na tatizo lisingekuwepo.

Mimi nilipatwa na jambo hili kwenye sherehe ya kumuaga binti mmoja, Morogoro. Nilikuwa nimetoka kupiga kazi ya nje mchana, nikasahau kamera kwenye fremu 30 na shata ya 1/125, na nyuma ya meza kuu kulikuwa na pazia jeupe lililoonyesha kila kitu. Kwenye skrini ndogo ya kamera sikuona chochote. Nyumbani, baada ya deflicker kushindwa kama ilivyoshindwa kwako, niliisimamisha video na kuisogeza fremu moja moja huku nikilitazama chombo cha maua kilichokuwa mezani. Katika fremu ya kwanza mstari wa giza ulikuwa umekaa juu kabisa ya maua. Ya pili, umesogea theluthi ya nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Ya tatu, theluthi nyingine. Ya nne, umerudi juu ya maua, mahali palepale.

Hapo ndipo nilipopata njia. Mapigo 100 ukiyagawa kwa fremu 30 unapata mapigo matatu na theluthi, na theluthi hiyo inayobaki ndiyo inayousogeza mstari kila fremu. Ina maana kwamba sehemu yoyote ya pazia, ndani ya fremu tatu zinazofuatana, inapita kwenye hatua tatu zilizopangika sawasawa za kufifia kwa taa. Ukizichanganya fremu hizo tatu kwa uzito sawa, giza la moja linafidiwa na mwanga wa nyingine, na mstari unafutika karibu wote. Ffmpeg ina kichujio cha kazi hiyo:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "tmix=frames=3" -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy safi.mp4
```

Jaribu kwanza kwenye kipande cha sekunde kumi, na utumie faili iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja. Hili nalisisitiza, maana nilipoteza jioni nzima kwa kulipuuza. Faili ambayo imeshabadilishwa kuwa fremu 25, au imeshapitishwa kwenye kituliza mtikisiko, haina tena ule mpangilio wa tatu tatu: baadhi ya fremu zimetupwa, au picha imezungushwa pamoja na mistari yake. Ondoa mistari kwanza, kutuliza na kupaka rangi kufuate. Kama umerekodi kwa simu, hakikisha idadi ya fremu kwa sekunde haipandi na kushuka ndani ya faili, kwani simu nyingi hufanya hivyo.

Gharama ya njia hii ni vivuli vya mwendo. Kwenye hotuba ya mjomba, aliyekuwa amesimama ameshika kipaza sauti, matokeo yalikuwa safi kiasi kwamba mwenye sherehe hakugundua lolote. Alipoinua mkono kuwapungia wageni, mkono ulionekana mitatu. Kwa vipande vya namna hiyo niliweka video asili juu na ile iliyochanganywa chini, nikachora kizuizi kilichomzunguka mtu anayesogea, ili pazia litoke kwenye video safi na mtu atoke kwenye ile ya asili. Mistari iliyobaki juu ya nguo zake haionekani kirahisi, kwa sababu nguo zenye mapambo na mwendo huificha. Jicho hukamatwa na ukuta mtupu. Kipande cha kuingia ukumbini kwa kucheza hakikuwezekana hivyo, watu walikuwa wengi mno. Nilikipitisha kwenye Deflicker ya DaVinci Resolve Studio kwa kuchagua `Fluoro Light`, ambayo hufuatilia mwendo kabla ya kusawazisha mwanga. Mistari ilipungua, haikuisha, nami naona ni afadhali kubaki na mstari hafifu kuliko kumtoa bibi harusi mtarajiwa akiwa na sura mbili.

Kwa atakayesoma uzi huu akiwa na video ya fremu 25, tmix haitamsaidia. Mapigo 100 yanagawanyika kwa 25 bila baki, kwa hiyo mistari inasimama karibu mahali pamoja katika kila fremu, na kuchanganya ni kujumlisha giza na giza lilelile. Kwa fremu 60 mpangilio wa tatu tatu upo, na vivuli ni vifupi zaidi kwa nusu.

Kuna kitu kimoja ambacho sikuweza kukiokoa kabisa: taa za mapambo za rangi zilizokuwa pembeni ya jukwaa. Taa hizo hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa mara nyingi sana kwa sekunde, kwa kasi ambayo haifuati umeme wa gridi. Utazitambua kwa kuhesabu. Mistari ya gridi huwa michache na minene, mmoja hadi mitatu kwenye picha nzima. Ya taa hizi ni myembamba na mingi, pengine kumi au zaidi, na nyekundu inaweza kukaa mbali na bluu. Pale niliikata picha kwa kuisogeza karibu zaidi na meza ili pembe ile isionekane.

Weka hapa fremu nne zinazofuatana za ukuta huo mweupe, zilizotolewa kwenye faili asili. Kama ya kwanza na ya nne zinafanana, amri ya hapo juu itafanya kazi.