Hotuba ya Kufungua Shindano la Mahudhurio: Niliyojifunza Baada ya Kuiweka Mizani Kando

Nimeendesha ukumbi wa mazoezi kwa miaka kadhaa, na mara mbili nilifungua mashindano ya kupunguza uzito kabla sijaamua kuyaacha. Aliyeshinda shindano la pili alikuja kupimwa siku ya mwisho akiwa hajanywa maji tangu jana yake, midomo imemkauka, na alipoinama kufunga kamba za viatu ilibidi ashike ukuta. Nilimkabidhi zawadi mbele ya watu wakapiga makofi. Baada ya miezi miwili hakuwa akija tena, na sikuona haki kumlaumu, kwa kuwa alikuwa ametimiza hasa kile nilichomwomba atimize.

Tangu hapo nimekuwa nikifungua shindano la mahudhurio, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya mafanikio yake huamuliwa katika dakika 4 au 5 za hotuba ya ufunguzi. Wanachama hubeba kutoka hapo picha ya kile kinachohesabiwa, na picha hiyo ikiwa na ukungu, kila mmoja huijaza kwa mazoea ya zamani, yaani mizani. Ndiyo maana naiandika hapa hotuba ninayoitoa sasa, kisha nieleze kwa nini kila kanuni iko pale ilipo.

"Ndugu zangu, karibuni. Leo tunaanza shindano la wiki 10, na ningependa mfahamu tangu mwanzo kwamba hakuna atakayepimwa uzito, si leo wala siku ya mwisho. Mwenye kutaka kujipima nyumbani kwake ana hiari, lakini namba hiyo haitaingia katika daftari letu.

Tunachohesabu ni wiki zilizotimia. Wiki imetimia ukifika hapa siku 3 kati ya Jumatatu na Jumapili, na kila siku ukafanya mazoezi kwa dakika 20 au zaidi. Ukija siku 5 unakaribishwa, ila utaandikiwa 3. Siku za ziada hazihamishiwi wiki nyingine, na wiki iliyopita haina deni la kulipwa.

Atakayetimiza wiki 8 kati ya 10 amefuzu, na wote watakaofuzu watapata zawadi ileile, hata kama ni ukumbi mzima. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Wiki 2 zinazobaki ni zenu kwa ajili ya homa, msiba, safari, mtoto kuugua au zamu za kazi, na hakuna atakayewauliza sababu.

Mtakuwa katika vikundi vya watu 5. Kazi ya kikundi ni moja tu: mwenzenu asipoonekana mpaka Alhamisi, mmoja wenu amtumie ujumbe wa kumjulia hali. Kikundi hakipotezi chochote kwa sababu ya mtu mmoja.

Siku utakayokuwa umechoka na huna hamu, njoo utembee dakika 20 kwenye mashine kisha uende zako. Katika daftari, siku hiyo ni sawa kabisa na siku uliyoinua chuma kizito kuliko vyote. Na wiki ya 11, shindano likiwa limekwisha, daftari litakuwa palepale mezani."

Hotuba ni hiyo tu. Nilipokuwa naanza nilikuwa nikiongeza maelezo marefu kuhusu afya, na nikagundua kwamba watu walitoka wakikumbuka maelezo na kusahau kanuni.

Nianze na mizani, kwa sababu katika kila ufunguzi kuna anayeuliza kwa nini tusihesabu vyote viwili. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini kwa umbo liitwalo glaikojeni, na kila gramu 1 ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu mzima anaweza kuwa na akiba ya gramu 400 hadi 500, kwa hiyo akijinyima chakula cha wanga kwa siku chache, mizani inaweza kushuka kwa karibu kilo 2 bila mafuta ya maana kupungua, na akirudia kula kawaida kilo hizo hurudi. Kwa upande mwingine, mtu anayeanza kuinua vyuma hupata maumivu ya misuli, na misuli inayojijenga upya hushikilia maji, hivyo katika wiki za mwanzo uzito wake unaweza kusimama au hata kupanda kidogo. Kwa wanawake wengi uzito hubadilika pia kufuatana na siku za mwezi. Mizani ya shindano fupi, kwa hiyo, inaweza kumpa zawadi aliyejinyima maji na kumkatisha tamaa aliyefanya kazi yote kwa usahihi. Ukihesabu vyote viwili, ndani ya wiki 2 wanachama watazungumzia kimoja tu, nacho ni kilo.

Kanuni iliyonichukua muda mrefu kuielewa ni ile ya kuhesabu wiki badala ya siku. Katika shindano langu la kwanza la mahudhurio nilijumlisha siku zote, na mwenye nyingi akashinda. Hebu tuwalinganishe wanachama wawili wa aina ambazo nimekutana nazo mara nyingi. Wa kwanza anakuja siku 6 kila wiki kwa wiki 5 mfululizo, kisha magoti yanauma, anachoka, haonekani tena. Ana siku 30. Wa pili anakuja siku 3 kwa wiki 8, na katika wiki 2 zenye misukosuko anakuja siku 1 tu. Ana siku 26. Kwa kanuni yangu ya zamani, aliyetoweka ndiye mshindi. Kwa kanuni ya sasa wa kwanza ana wiki 5 zilizotimia na wa pili ana 8, na wa pili ndiye aliyefuzu. Hesabu sasa inakubaliana na kile nilichokuwa nikikitangaza kwa mdomo.

Ukomo wa siku 3 una sababu nyingine, nayo ni usalama. Mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka akiingia kwa pupa, akachuchumaa na kuinua kila siku ili aongeze alama, anaweza kuumiza misuli kiasi cha kumfikisha hospitali. Walimu wangu wa mazoezi wanajua kwamba maumivu makali kupita kiasi, uvimbe, na hasa mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokoza, ni dalili za kumpeleka mtu kwa daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa protini inayotoka kwenye misuli iliyovunjika inaweza kudhuru figo. Shindano lisilo na ukomo huwaalika wapya kwenye hatari hiyo, ilhali siku 3 zinawaachia siku za kupumzika katikati. Zinatosha pia kumfanya mtu azoeze misuli ya mwili mzima angalau mara 2 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha chini cha mazoezi ya nguvu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, sambamba na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani. Dakika hizo wengi huzikamilisha kwa kutembea nje ya ukumbi.

Kuhusu urefu, nilichagua wiki 10 baada ya kusoma utafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London uliochapishwa mwaka 2009, ambamo watu 96 walifuatiliwa wakijenga tabia mpya za kila siku. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 kuwa jambo la kufanywa bila kujishurutisha, ingawa tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tabia zile zilikuwa za kila siku na yetu ni ya mara 3 kwa wiki, hivyo siahidi kwamba siku 70 zitamtosha kila mtu. Kilichonigusa zaidi katika utafiti ule ni kwamba kukosa siku moja hakukuathiri sana ujenzi wa tabia. Hapo ndipo zilipotoka wiki 2 za hiari. Kabla sijaziweka, mwanachama aliyeugua wiki ya 3 alijiona tayari ameshindwa, na hakurudi wiki ya 4. Sasa anarudi kwa kuwa bado ana nafasi, na tena harudi na deni la kulipa kwa kujitesa siku 6 mfululizo.

Vikundi ndivyo vilivyonigharimu zaidi. Mwanzoni niliwapa alama ya pamoja, nikiamini kwamba watu watavutana. Walivutana kweli: dada mmoja alikuja na homa, anatetemeka, kwa sababu wenzake walimwambia kwamba atawaangusha. Nilimrudisha nyumbani, na jioni ile nikaifuta kanuni hiyo. Ujumbe wa Alhamisi umebaki, na ninawasisitizia kwamba uulize hali kabla ya kutaja mazoezi. Alhamisi niliichagua kwa hesabu rahisi: aliyekosa Jumatatu mpaka Alhamisi bado ana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kutimiza wiki yake. Jambo hilo lina kasoro ambayo utaiona mwenyewe katika daftari, yaani mwanachama ambaye wiki zake zote zinatimia kwa siku hizo 3 za mwisho zikifuatana. Huyo namwita kando nikamsaidia kutafuta siku moja ya katikati ya wiki, kwa sababu ratiba isiyo na nafasi huvunjika kwa dharura ya kwanza.

Kuna pia watakaosaini na kuondoka. Dawa niliyoiona inafaa ni kusaini wakati wa kutoka, mbele ya mwalimu wa zamu, badala ya wakati wa kuingia. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo, kwa sababu zawadi yenyewe ni fulana, na zawadi ndogo inayopatikana kwa kila aliyefuzu haimpi mtu sababu kubwa ya kudanganya wala ya kumwonea mwenzake wivu.

Hotuba hiyo humalizikia kwenye wiki ya 11 kwa makusudi. Katika awamu ya kwanza nililifunga daftari siku ya kugawa zawadi, na ukumbi ukapungua watu wiki iliyofuata. Sasa Jumatatu inayofuata zawadi naliweka daftari mezani likiwa na ukurasa mpya wenye majina yaleyale na visanduku 3 kwa kila jina, bila zawadi yoyote iliyotajwa, na ikifika Alhamisi naangalia ni vikundi gani bado vinajuliana hali.