Barua ya kuomba kazi ya metadata: mwezi wa pili utafanya nini?

Mwanamke mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mikoba alinijibu barua yangu ya kuomba kumwandikia metadata, yaani vichwa na maelezo ya kurasa za tovuti yanayotokea kwenye Google, kwa sentensi moja: "Ukishamaliza kurasa zote, nitakuwa nakulipa kila mwezi kwa kazi gani?" Sikuwa na jibu. Barua yangu ilijaa ahadi za kumfikisha ukurasa wa kwanza wa Google, jambo ambalo hakuna mwandishi anayeweza kuliahidi, na chini nikaandika tu "huduma ya kila mwezi". Kazi niliikosa, na kwa haki.

Tangu siku hiyo naiandika barua kwa kuanzia kwenye swali lake.

Kwanza natafuta ukurasa mmoja wa huyo ninayemwandikia, tena wa bidhaa anayoitegemea, si ukurasa wa mwanzo. Kwenye Google naandika `site:` nikiifuatisha na anwani ya tovuti yake, naona vichwa na maelezo yanavyotokea. Kisha nafungua ukurasa wenyewe na kubonyeza `Ctrl+U` ili nisome kichwa na maelezo yaliyoandikwa kwenye msimbo wake. Hapa usiruke hatua, kwa sababu Google mara nyingi huokota maneno kutoka ndani ya ukurasa na kuyaonyesha badala ya maelezo uliyoyaandika. Ukitazama matokeo ya utafutaji peke yake, unaweza kumlaumu mtu kwa maandishi ambayo hakuyaandika, na barua itakufa hapo hapo.

Miezi kadhaa baadaye nilimwandikia mtu mwingine wa biashara hiyo hiyo ya mikoba. Nilikuta hivi:

```html
<title>Bidhaa 14 | Nyumbani</title>
<meta name="description" content="Karibu dukani kwetu.">
```

Kati ya kurasa zake 64 za bidhaa, 41 zilikuwa na hiyo "Karibu dukani kwetu". Barua niliyomtumia ilikuwa hii:

"Habari za kazi. Ukurasa wako wa mkoba wa kompyuta unaonekana kwenye Google kwa jina la 'Bidhaa 14'. Mtu anayetafuta mkoba hawezi kujua kwamba ni mkoba mpaka abofye. Ningeuandika hivi:

Kichwa: Mkoba wa ngozi wa kompyuta ya inchi 15
Maelezo: Mkoba wa ngozi halisi unaoingia kompyuta ya inchi 15, wenye mfuko wa chaja na mkanda wa begani unaotoka. Rangi ya kahawia na nyeusi.

Maneno haya yatumie hata kama hatutafanya kazi pamoja. Kurasa nyingine 40 zina maelezo yale yale kama huu. Napendekeza miezi mitatu ya kusafisha: kurasa 20 mwezi wa kwanza, 20 wa pili, 24 wa tatu. Kwa kila ukurasa utapata kichwa, maelezo, na maandishi mbadala ya picha zisizozidi nne, vyote kwenye jedwali moja, kabla ya tarehe 10. Utayapitia mara moja, nami nitarekebisha ndani ya siku tatu. Nitayabandika mwenyewe ukinipa akaunti ya mhariri.

Kuanzia mwezi wa nne kazi inapungua na malipo yanapungua: bidhaa mpya au zilizobadilika zisizozidi 8, na kurasa 5 za zamani zinazoonekana sana lakini hazibofywi. Sitaandika makala, sitagusa kasi ya tovuti, na siahidi nafasi yoyote kwenye Google. Yeyote kati yetu anaweza kuacha kwa taarifa ya siku 30."

Bei niliiweka chini, namba mbili tu, ya miezi ya kusafisha na ya miezi ya matunzo. Barua nzima ilienea kwenye skrini ya simu kwa kuisukuma mara mbili.

Aya ya mwezi wa nne ndiyo jibu la yule mama wa kwanza. Watu wengi wa kazi yetu wanaogopa kuandika kwamba malipo yatapungua, lakini mwenye biashara anajua kuhesabu: kurasa 64 zina mwisho. Ukimwambia wewe mwenyewe zinaisha lini na kinachobaki ni nini, hana haja ya kukushuku. Na kinachobaki ni kazi ya kweli. Bidhaa zinaingia na kutoka, na zile kurasa 5 hazichaguliwi kwa kubahatisha. Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, inaonyesha kila ukurasa umetokea mara ngapi kwenye matokeo na umebofywa mara ngapi. Ukurasa uliotokea mara 1,900 katika siku 28 ukabofywa mara 19, huku ukikaa karibu na nafasi ya sita, ndio wa kuanza nao. Ulio nafasi ya 40 uache. Hata uupambe vipi, wachache mno watafika huko kuusoma.

Ripoti nayo iwe nyepesi: siku 28 kabla na siku 28 baada, ukianza kuhesabu pale Google ilipousoma upya ukurasa, maana huenda ikachukua siku chache au wiki kadhaa. Weka na safu ya nafasi ya wastani. Mibofyo ikiongezeka na nafasi imebaki pale pale, kuna sababu ya kusema maneno yamesaidia. Ukurasa ukiwa umepanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya nne, sifa usijipe haraka.

Kuhusu nani anabandika, nilijifunza kwa hasara. Mteja mmoja alipokea jedwali langu, akalisifu, likakaa kwenye barua pepe yake wiki sita. Nilipotengeneza ripoti hapakuwa na mabadiliko yoyote, naye akaniuliza nimefanya nini. Siku hizi barua inataja anayebandika, na siku mbili baadaye nafungua tena `Ctrl+U` kuhakikisha. Mara nyingi mfumo wa tovuti hujiongezea jina la duka mwishoni mwa kichwa. Nawe ukiwa umeliandika, linatokea mara mbili na kula nafasi. Ndiyo maana kwenye kichwa cha mfano hapo juu sikuliweka.

Urefu nisikuchoshe nao. Google haijaweka idadi maalumu ya herufi. Inakata kulingana na upana wa skrini, kwa hiyo jina la bidhaa litangulie. Na mteja akiuliza kuhusu `keywords`, orodha ya maneno ya utafutaji inayowekwa kwenye msimbo wa ukurasa, mwambie Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo, usimtoze kwa kitu hicho.

Yule wa "Bidhaa 14" alinyamaza siku saba. Nikamtumia mfano wa ukurasa wa pili, bila kumkumbusha habari ya barua. Jioni hiyo akajibu: "Ule mkoba wa kompyuta si ngozi halisi wote. Ndani ni kitambaa, na mkanda ni wa ngozi ya bandia. Nani alikwambia ni halisi?" Nilikuwa nimeyatoa kwenye ukurasa wake mwenyewe, yaliandikwa na aliyemtengenezea tovuti. Nilimrudishia maelezo yaliyorekebishwa, na kwenye pendekezo nikaongeza mstari mmoja: kila jedwali litakuwa na safu ya kuthibitisha vifaa, vipimo na rangi, na hakuna kitakachobandikwa kabla hajaijaza. Akaomba tuanze na zile kurasa 41.