Bia mbili, kisha Urambo usiku

"Nikinywa bia mbili Tabora mjini, kipimo hakinikamati. Kuendesha hadi Urambo usiku kuna ubaya gani?"

Ndugu yangu, kipimo kinaangalia sheria, hakiangalii breki zako. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Sasa taa zako zimulike mzee mwenye baiskeli isiyo na taa, amebeba gunia la mkaa. Pombe ikikuchelewesha nusu sekunde tu, umeshasogea mita 11 zaidi kabla mguu haujagusa breki. Mita hizo ndizo zilizokuwa zimtenganishe mzee na bampa lako.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba pombe huanza na akili ya kupima hatari, hata chini ya kiwango cha sheria. Utajiona uko sawa, utalipita lori pale ambapo ungesubiri, na macho yatachelewa kuhama kutoka kioo hadi barabarani.

Kahawa au maji baridi havisaidii. Vinakuchangamsha tu, ini linafanya kazi kwa mwendo wake. Bia moja ya mililita 500 huchukua saa mbili au zaidi kuisha mwilini. Lala mjini, uondoke asubuhi.