Kupandisha bei dukani: hesabu ya sukari na chumvi kutoka kwa Mangi wa Pasua

*“Wakuu, nina duka la mtaa hapa Sakina, Arusha. Mwenye duka la jumla kanipandishia vitu karibu vyote. Nikipandisha na mimi, wateja si watakimbia? Jamaa mmoja kaniambia inategemea unyumbufu wa mahitaji, sikumwelewa hata kidogo.”*

Mkuu, nimeuza duka Pasua, Moshi, kwa miaka sita. Kwetu ni Singida, lakini ukishakaa nyuma ya nondo za duka, watu wa mtaa ule wanakuita Mangi kama vile wewe ni Mchagga, upende usipende. Kosa la bei nimelifanya mwenyewe, na bahati nzuri nilikuwa naandika daftari, kwa hiyo nakupa namba za kweli za dukani kwangu. Bei ni za wakati ule, usizifananishe na za leo.

Unyumbufu ni kipimo cha jinsi wateja wanavyotikisika bei ikitikisika. Unachukua asilimia ya mauzo yaliyopungua, unagawanya kwa asilimia ya bei iliyopanda:

```
E = (% ya kiasi kilichopungua) ÷ (% ya bei iliyopanda)
```

Jibu likizidi 1, wateja wanatikisika sana na fedha inayoingia kwenye droo kwa bidhaa ile itapungua. Likiwa chini ya 1 kwa mbali, wanalalamika lakini wananunua, na droo inaongezeka.

Sukari nilikuwa nauza kilo 2,800, nainunua kwa 2,600. Kwa wiki ya kawaida zinatoka kilo 40, nyingi zikiwa za kupima nusu na robo. Nikaipeleka 3,000. Wiki ya tatu baada ya hapo, watu walipokwisha kuzoea bei mpya, nikahesabu kilo 28. Bei imepanda kwa asilimia 7 na ushee, kiasi kimeshuka kwa asilimia 30. Gawanya, unapata 4.2. (Ukitumia wastani wa bei ya zamani na mpya, na wastani wa kilo, kama wanavyofanya wachumi, inatoka 5.1. Kwa muuza duka ni yaleyale, zote ziko mbali na 1.) Mauzo ya sukari yakatoka 112,000 hadi 84,000.

Utauliza, sukari si kitu cha lazima? Ni cha lazima, ndiyo. Mji mzima wa Moshi hauachi chai kwa sababu ya shilingi 200. Lakini mteja wangu hakuwa na haja ya kuacha chai. Kulikuwa na duka jingine hatua hamsini kutoka kwangu, bado linauza 2,800. Kuna unyumbufu wa sukari mjini na kuna unyumbufu wa sukari dukani kwako, na hivyo ni vitu viwili. Wa mjini ni mdogo. Wa kwako unategemea jirani yako ameandika bei gani. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, maduka yote yalipanda kwa pamoja, na watu waliendelea kununua, ila aliyekuwa akichukua kilo akaanza kuchukua robo. (Serikali ikitangaza bei elekezi, hesabu hizi ziweke pembeni, maana kuipita ni kesi.)

Sasa hapa ndipo nilipojidanganya. Nilipoona mauzo yameshuka sikushtuka, kwa sababu nilipiga hesabu ya faida. Zamani, kilo 40 kwa faida ya 200 ni 8,000. Sasa, kilo 28 kwa faida ya 400 ni 11,200. Nimeuza kidogo, nimepata zaidi! Na hesabu hiyo si ya uongo. Bidhaa yenye faida nyembamba inaweza kupoteza wateja wengi na bado ikakulipa. Ukitaka kujua unaweza kupoteza kiasi gani kabla ya kuumia, gawanya ulichoongeza kwa faida yako mpya kwa kilo: 200 kwa 400, yaani nusu. Mimi nilipoteza asilimia 30 tu, kwa hiyo sukari peke yake ilikuwa salama.

Tatizo, hakuna anayekuja dukani kwa sukari peke yake. Mama anayetuma mtoto robo ya sukari asubuhi anamtuma na mkate na majani ya chai. Sukari ikihamia kwa jirani, na vile vingine vinahama, ingawa bei yake sikuigusa. Nilipofungua kurasa za nyuma nikaona mikate imepungua 15 kwa wiki (faida 200 kila mmoja), vipakiti vya majani 24 (faida 50) na vipande vya sabuni 10 (faida 100). Jumla 5,200. Toa kwenye 11,200, inabaki 6,000, chini ya ile 8,000 niliyoanza nayo. Asingekuwepo mtu wa kuandika mikate, ningekuwa najipongeza hadi leo.

Chumvi ilikwenda kinyume kabisa. Pakiti ya nusu kilo niliipandisha kutoka 400 hadi 500, asilimia 25 nzima. Nilikuwa nauza 30 kwa wiki, zikawa 28, unyumbufu chini ya 0.3. Faida ikapanda kutoka 2,100 hadi 4,760, maana nilikuwa nainunua 330. Hakuna mtu anayekumbuka chumvi ilikuwa bei gani mara ya mwisho, inanunuliwa kwa nadra, na hakuna anayevuka barabara kwa ajili yake. Sukari, unga, mafuta ya kupima na mkate, bei zake kila mama anazijua kichwani. Hizo ndizo watu wanazokupimia nazo kama wewe ni ghali.

Kwa hiyo kwako wewe, kabla hujagusa chochote, tuma mtoto akanunue robo ya sukari na kipande cha sabuni kwa jirani. Kama mwenye jumla amewapandishia wote na jirani naye amepanda, panda naye, utapoteza kidogo. Kama jirani bado ana mzigo wa zamani, subiri umwishie. Panda kwanza zile za aina ya chumvi, moja moja, na uandike idadi ya wiki mbili kabla na ya wiki ya tatu baada. Ukipandisha kumi kwa siku moja hutajua ipi imekufukuzia wateja.

Na chunga siku unayopima. Mimi siku moja nilipandisha soda katikati ya Desemba na mauzo yakaongezeka, nikadhani nimegundua dhahabu. Kumbe Wachagga wamerudi nyumbani kwa Krismasi, mji umejaa. Mahitaji yenyewe yalikuwa yamehama, bei haikuhusika. Hata tarehe 28 na tarehe 15 za mwezi uleule hazifanani, mishahara ndiyo inayozitenganisha.

Sukari niliirudisha 2,800 baada ya wiki ya sita. Kilo 40 sikuzipata tena, zilisimama kwenye 36. Baadhi ya akina mama walishazoea kona ya jirani, na mmoja aliniambia kabisa, “Wewe Mangi, nilikuwa nimekusahau.”