Kufupisha rekodi ya hotuba kwa wenzako kazini: mfano wa Hoare na `null`

*"Wakuu, ofisini tumeanza utaratibu wa kufupishiana hotuba za mikutano. Nimepangiwa rekodi ya Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyebuni `null`, ya QCon London 2009, anapoieleza `null` hiyo. Natakiwa nitoe madai makuu, ushahidi na vidokezo vya kazi. Nimeandika kurasa 4, kiongozi wa timu kanirudishia, anasema haoni cha kufanyia kazi. Sisi tunaandika TypeScript. Nakosea wapi?"*

Mkuu, bila shaka umefuata mpangilio wa mzungumzaji. Hoare anasimulia historia: kazi yake ya kwanza, lugha ya ALGOL, kisha `null` inaingia polepole. Kwa msikilizaji ukumbini hilo ni tamu, lakini mwenzako ofisini ana dakika 3 na anataka dai kwanza.

Rekodi ni ya takriban saa moja. Isikilize mara mbili. Mara ya kwanza usisimamishe wala usiandike. Ikiisha, andika sentensi moja tu: huyu mzee anataka niamini nini? Mara ya pili simamisha kila inapobidi, na kila unachoandika kipe dakika yake na herufi moja: D kwa dai, U kwa ushahidi, M kwa mfano au mzaha. Kwenye VLC alama ya `[` inapunguza kasi, `]` inaongeza, na `Ctrl+T` inakupeleka kwenye dakika unayoitaka. Ukiharakisha kasi mzunguko wa kwanza sina ugomvi nawe, ila wa pili usiharakishe.

Usinakili maelezo mafupi yaliyochapishwa pamoja na rekodi. Mengi huandikwa kabla hotuba haijatolewa, na hii ni mfano mzuri wa hatari yake. Maelezo yake yanasema vichunguzi vya programu vya Microsoft, PREfix na PREfast, hutoa onyo pale kiashiria kinapoweza kuwa *si* `null`. Imegeuzwa. Onyo hutolewa pale kinapoweza *kuwa* `null`, maana hapo ndipo programu huanguka. Watu wamekuwa wakinakili sentensi hiyo hivyohivyo. Kila sentensi yenye "si" au "isipokuwa" irudie kwenye sauti, halafu jiulize kama maana yake inaingia akilini.

Sasa herufi zako. Wengi huandika dai la Hoare kuwa "`null` ni mbaya, tukague kila mara." Siyo. Anachosema ni kwamba mwaka 1965, alipokuwa akibuni aina za viashiria za ALGOL W, alitaka kompaila yenyewe ihakikishe kila kiashiria ni salama. Akaweka `null` kwa sababu ilikuwa rahisi mno kuitekeleza. Tangu hapo kiashiria chochote kinaweza kuwa tupu na aina yake isikwambie. Kwa hiyo kosa analiweka kwenye lugha, halafu mwandishi wa programu ndiye anayebeba mzigo wa kukumbuka. Ukiliandika dai hili vibaya, vidokezo vyako vyote vitakuwa "wenzangu tuwe makini," na hapo kiongozi wako ana haki ya kukurudishia.

Kwenye ushahidi, eleza kila kitu kina uzito gani. Ile dola bilioni 1 iliyoipa hotuba jina lake ni kadirio la Hoare mwenyewe, na ameliwekea neno "huenda". Hakuna hesabu nyuma yake, kwa hiyo usiandike kwamba `null` imegharimu dola bilioni 1. Andika kwamba Hoare anakisia hivyo. Ule utani wa Dijkstra, mwanasayansi mwenzake wa kompyuta, kwamba ukiwa na `null` basi kila kapera kwenye data yako ataonekana ameoa mtu yuleyule mmoja, ni M. Unafafanua vizuri sana, hauthibitishi kitu.

Ushahidi wenye nyama ni wa kompyuta za Elliott, kampuni alikoanzia kazi Hoare. Kompaila yao ya ALGOL 60 ilikagua kila namba ya nafasi kwenye safu wakati programu inaendeshwa, japo ukaguzi ulikula muda. Wateja walipoulizwa kama wangependa kuuzima, walikataa. Hiyo ni U, ila angalia inaunga mkono nini: kwamba watumiaji hukubali kulipia ukaguzi unaofanywa na mashine. Inahusu mipaka ya safu, haihusu `null` moja kwa moja. Hoare anatoka moja kwenda nyingine kwa kufananisha. Muhtasari wako uonyeshe daraja hilo.

Vidokezo ndiyo sehemu inayochafuka zaidi. Hotuba ni ya 2009. TypeScript ilipata `strictNullChecks`, mpangilio unaoifanya kompaila ikague `null`, toleo la 2.0, mwaka 2016. Ukiandika "Hoare anashauri tuiwashe" umemwekea maneno mdomoni. Yeye anataja Spec#, lugha iliyoruhusu kutangaza kiashiria kisichoweza kuwa `null`, na anakiri ndiyo suluhisho alilolikataa 1965. Kutoka hapo kuja TypeScript ni kazi yako, na uitaje kuwa yako.

Kidokezo kimoja chenye mfano kinatosha:

```ts
const mteja = wateja.find(m => m.id === id);
console.log(mteja.simu);
```

Bila `strictNullChecks` hii inapita, kisha inaanguka siku mteja asipopatikana. Ikiwashwa, kompaila inakataa mstari wa pili kwa sababu `find` inaweza kurudisha `undefined`. Andika pia kinachoharibika. Ukiiwasha kwa mradi mzima siku moja, makosa yatamiminika, na watu watayanyamazisha kwa alama ya `!`, yaani `mteja!.simu`, ambayo haikagui chochote. Kanuni ya ESLint `@typescript-eslint/no-non-null-assertion` huikamata. Tena aina za TypeScript hufutwa kabla ya programu kuendeshwa, na `JSON.parse` hurudisha `any`, kwa hiyo `null` kutoka kwenye seva itapita bila kuulizwa. Data ya nje ikaguliwe pale inapoingia.

Ukishafika hapo, muhtasari wenyewe unakuwa mfupi hivi:

> Dai: Kosa la `null` ni la muundo wa lugha: aina haisemi kama kiashiria kinaweza kuwa tupu. Ukaguzi ni kazi ya kompaila.
> Ushahidi: Wateja wa Elliott walikataa kuzima ukaguzi wa safu (uzoefu halisi, ila ni wa suala jirani). Dola bilioni 1 (kisio la mzungumzaji, halijapimwa).
> Kwetu (pendekezo langu, halimo kwenye hotuba): Tuwashe `strictNullChecks`, tukianza na moduli ya wateja, `!` ipigwe marufuku, majibu ya seva yakaguliwe yanapoingia.

Weka dakika ya rekodi mbele ya kila dai na kila ushahidi, ili mwenye shaka asikilize sekunde 40 badala ya saa nzima.

Kabla hujatuma, mpe mtu ambaye hajaiona rekodi na umuulize swali moja: nani kasema tuwashe `strictNullChecks`? Akijibu "Hoare," rudi kwenye mstari wa mwisho uuandike upya.